Zuwena Yupi, Babu?

Babu yangu alinunuliwa simu ya kupangusa Idi iliyopita, na kwa wiki tatu aliitumia kama tochi. Siku mdogo wangu alipomwekea programu ya kusikilizia muziki, akamwambia, "Babu, humu zimo nyimbo zote za dunia," mzee alicheka. Kisha akauliza taratibu: "Na Zuwena yumo?"

Mdogo wangu akaandika "Zuwena," akabonyeza. Ikapiga bongo fleva, sauti ya Diamond Platnumz. Babu alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akarudisha simu. "Kijana anaimba vizuri. Lakini huyu si Zuwena wangu."

Zuwena wake ni wa Marijani Rajab na bendi ya Dar International, aliyemsikia Radio Tanzania akiwa kijana wa Ilala. Hapo ndipo wazee wengi hukata tamaa, wakidhani wimbo wao haumo, kumbe umefunikwa. Programu hizi hutanguliza kile kinachosikilizwa na wengi. Ukiandika jina la wimbo peke yake, na jina hilo analo pia msanii wa leo mwenye mamilioni ya wasikilizaji, wimbo wa zamani utakuwa chini kabisa, pengine pasipofikiwa na kidole cha mzee.

Dawa ni kuongeza jina la mwimbaji au la bendi, nalo lina mitego yake. Nyimbo za dansi zimeingizwa mtandaoni na watu mbalimbali, kila mmoja na tahajia yake. Tuliandika "Zuwena Marijani Rajab," kisha tukajaribu "Marijan" bila i ya mwisho, halafu "Dar International" peke yake. Bendi nazo zilibadili majina: ukiitafuta NUTA Jazz, usisahau kwamba iliitwa pia JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Waimbaji nao walihamahama. Marijani mwenyewe alikuwa Safari Trippers kabla ya Dar International, kwa hiyo Georgina hutampata kwenye bendi ya pili. Yupo kwenye ile ya kwanza.

Hatimaye yalitokea matokeo matatu. Hapo Babu ndiye aliyekuwa fundi, sisi wanafunzi. La kwanza alilikataa baada ya sekunde kumi: "Hili gitaa la juzi. Wamepiga upya." Kweli, ngoma yake ilikuwa ya kinanda cha umeme, inagonga sawasawa kama saa ya ukutani. La pili lilikuwa lenyewe, ila lilikatika ghafla kabla magitaa hayajachanganya. Jambo hilo lina asili yake. Santuri ndogo ya zamani ilibeba dakika tatu au nne tu kila upande, na wimbo mrefu wa dansi uligawanywa: maneno upande wa kwanza, sebene upande wa pili. Aliyehamisha upande mmoja tu ametuachia nusu wimbo. Kwa hiyo tazama urefu unaoandikwa pembeni mwa jina, na ukiona "Pt. 1" mtafute mwenzake.

La tatu liliendelea. Babu hakusema kitu. Aliiweka simu juu ya mkeka, spika ikitazama juu, akawa anagonga goti kwa vidole viwili, na palipoingia gitaa la pili aliinua kidole kabla halijasikika. Bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. "Lipo bado hili?" Babu akasogea kidogo kumpisha mkekani.

Kesho yake alilalamika bando limeisha. Kosa lilikuwa letu, si la wimbo: tulikuwa tumehamia kwenye video, na picha ndiyo inayokula. Sauti pekee, kwa kiwango cha kawaida cha 96 kbps, hula MB 0.7 hivi kwa dakika, maana yake wimbo wa dakika tano haufiki MB 4. Programu nyingi zinaruhusu kupakua wimbo mara moja ukausikiliza bila mtandao, ingawa nyingine hutoza kwa huduma hiyo. Sasa Zuwena amepakuliwa, na anaimba hata simu ikiwa haina senti.

Ila si kila kitu kimo. Bendi nyingi zilirekodi kwenye tepu studio za Radio Tanzania, wimbo ukapigwa redioni bila kutolewa kwenye santuri. Wimbo wa namna hiyo ukikosa mtu wa kuutoa kwenye tepu, hutaupata hata uandike tahajia zote.

Babu ana wa pili anaoutafuta. Anaujua mluzi wake wote, jina la bendi limempotea. Jana amempigia rafiki yake wa Keko waliyekuwa wakienda naye dansini, na huyo naye ameomba siku mbili akumbuke.