Kivuli Nyuma ya Jiwe

Mgonjwa amelala chali, hajala tangu jana usiku, na probu ya ultrasound yenye jeli iko chini ya mbavu zake za kulia. Tunatafuta mawe kwenye mfuko wa nyongo, lakini tuanze na alama. Pembeni juu ya skrini kuna nukta au nembo, na ubavuni mwa probu kuna kinundu. Katika picha za tumbo, alama ya skrini hukaa kushoto. Kinundu kikielekea kichwani, kushoto kwa picha ni upande wa kichwa. Kikielekea kulia kwa mgonjwa, kushoto kwa picha ni kulia kwake. Ukiwa na shaka, gusa ukingo wa probu wenye kinundu uone upande upi wa picha unacheza.

Juu ya picha ni ngozi. Kadiri unavyoshuka ndivyo unavyoingia mwilini. Anza na kina cha sentimita 15 hivi, kisha punguza hadi mfuko uonekane mkubwa katikati. Usipunguze mno. Kivuli cha jiwe huangukia nyuma ya mfuko, na anayeikata picha hapo hapo amejinyima ushahidi anaoutafuta.

Kitufe cha GAIN hakiongezi sauti inayoingia mwilini. Kinakuza mwangwi uliokwisha kurudi, pamoja na kelele zake. Nyongo ni kimiminika, hairudishi mwangwi, kwa hiyo iwe nyeusi. Ini ni la kijivu, na mfupa au uso wa jiwe ni mweupe. Ukizidisha GAIN, nyongo hujaa chembe za kijivu na utadhani ina tope. Ukiipunguza mno, vijiwe vidogo hupotea. Rekebisha mpaka damu iliyo ndani ya mishipa mikubwa ya ini iwe nyeusi, ndipo uitazame nyongo.

Sasa jiwe lenyewe. Sauti ikiligonga, sehemu kubwa hurudi au humezwa, na haipiti ya kutosha kuonyesha kilicho nyuma. Utaona tao jeupe, na chini yake mstari mweusi ulionyooka. Ubavu nao hutupa kivuli hivyo hivyo, ila chake huanzia karibu na ngozi na kukata kila kiungo kilicho chini yake. Mwambie mgonjwa avute pumzi na kuizuia, mfuko ushuke chini ya mbavu. Gesi ya utumbo jirani hutoa kivuli kichafu cha kijivu, kinachobadilika utumbo unapocheza.

Ukiliona jiwe, mgeuze mgonjwa alalie ubavu wa kushoto. Jiwe huviringika, kinyama kilichoota ukutani hubaki palepale, na kwa kawaida hakina kivuli. Kijiwe cha milimita 2 au 3 huenda kisitupe kivuli mpaka uongeze masafa ya probu na kuweka fokasi kwenye kina chake. Na jiwe lililonasa shingoni mwa mfuko halisogei hata ukimgeuza mgonjwa, kwa hiyo kutosogea peke yake hakutoshi kusema si jiwe.