Heri ya Diwali kwenye ubao wa duka

Oktoba mwaka jana niliitwa kwenye duka la jumla la vifaa vya umeme, karibu na Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Wafanyakazi walitaka kubandika salamu za Diwali kwa wenzao watatu Wahindu: wahasibu wawili na mama wa kaunta anayepokea fedha. Mmoja wao alikuwa amepata salamu ya Kiingereza kwenye simu, akaitafsiri neno kwa neno. Karatasi ilisomeka hivi: "Tunawatakia Wahindi wote tamasha lenye furaha la taa. Tunasherehekea pamoja nanyi. Miungu iwabariki." Nia ilikuwa njema kabisa. Hata hivyo mtunza stoo, mzee Mwislamu, alikataa kutia sahihi, na mhasibu mmoja aliyeiona mapema alitabasamu tu, akarudi kwenye daftari lake. Watu wa pande zote mbili walikuwa wamekwazwa na karatasi ileile, ndipo nikaombwa niitazame.

Nilianza na neno Wahindi. Mjini kwetu Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi, awe wa dini yoyote. Ukitoka Kariakoo kuelekea Kisutu na Upanga utapishana na Makhoja na Mabohora, ambao ni Waislamu, na Wagoa, ambao wengi wao ni Wakatoliki. Wote tunawaita Wahindi, na Diwali si sikukuu yao. Mwenye dini ya Kihindu ni Mhindu. Herufi moja tu inatofautisha asili na imani, na dukani hapo alikuwapo fundi Mbohora ambaye salamu ile ilikuwa imemwingiza asikokuwamo. Wapo wazee wanaosema Baniani. Neno hilo lisiandikwe kwenye kadi, kwa sababu limekaa mno ndani ya methali ya Baniani mbaya na kiatu chake, na anayeitwa hivyo anaisikia methali nzima.

Kisha kuna tamasha. Kwetu tamasha lina jukwaa, spika na watazamaji. Dar es Salaam kumekuwa na Tamasha la Pasaka, na kila mtu anaelewa kuwa hapo ni waimbaji wa injili na uwanja uliojaa, ilhali Pasaka yenyewe ni sikukuu. Diwali nayo ni sikukuu. Kuiita tamasha la taa ni kuiondoa hekaluni na kuipeleka uwanjani. Furaha nayo haina kosa, ila kwa kawaida Kiswahili hakisalimii sikukuu kwa kutaja furaha, kinasalimia kwa heri. Tunasema Heri ya Krismasi, Heri ya Iddi, Heri ya Mwaka Mpya. Neno hilo limetoka Kiarabu, na Wakristo wamelizoea kanisani kiasi kwamba hakuna dini inayoweza kudai ni lake peke yake. Ndiyo maana Heri ya Diwali hukaa vizuri mdomoni mwa yeyote.

Kosa zito lilikuwa kwenye miungu. Aliyeandika alidhani anaheshimu imani ya wenzake kwa kutumia wingi. Angalia sarufi inavyofanya. Mungu huchukua viambishi vya watu: Mungu mmoja, Mungu awabariki. Ukimtia wingi anahamia ngeli ya miti na mikoba: miungu mingi, miungu hii, miungu iwabariki. Tena ndilo neno linalotumika misikitini na makanisani kutaja sanamu zinazokatazwa. Kwa hiyo Mwislamu na Mkristo wanalisikia kama kuomba kwa kilichoharamishwa, na Mhindu analisikia kama kuambiwa kwamba anaabudu vitu. Wahindu wa mjini wanapozungumza Kiswahili, mara nyingi utawasikia wakisema Mungu tu, kama sisi.

Mzee wa stoo, kwa upande wake, alikwama kwenye "tunasherehekea pamoja nanyi". "Mwanangu," aliniambia, "mimi nawapenda hawa, lakini kusherehekea ni ibada. Siwezi kuandika nisichokifanya." Alikuwa sahihi. Katika salamu ya namna hii, kiambishi cha nafsi ndicho kinachosema nani anaamini nini. "Tunasherehekea" humfanya mwandishi mshiriki wa ibada. "Sikukuu yenu" nayo humwepusha na hilo, lakini inajenga ukuta kati yenu na yetu. Njia ya katikati ni kuacha kimilikishi, kusema sikukuu ya Diwali, na kuelekeza kitenzi kwa mpokeaji katika hali ya kutakia: iwe, iwaletee, mpate. Hapo mwandishi hakiri chochote kuhusu imani, anamtakia tu mwenzake mema, jambo ambalo dini yake inamruhusu.

Baada ya kuondoa makosa tulibaki na karatasi safi lakini baridi kidogo. Uchangamfu tuliupata kwa kuuliza Diwali ni nini kwa mtu wa duka. Wengi wa Wahindu wafanyabiashara wa mjini kwetu wana asili ya Gujarati na Kachi. Kwao, kwa jadi, Diwali ndiyo mwisho wa mwaka wa hesabu. Daftari jipya hufunguliwa na kuombewa, na ukurasa wa kwanza huandikwa maneno mawili, shubh na labh, yaani heri na faida. Mwaka mpya wa Kigujarati huja mara baada ya Diwali. Mwaka 2025, kwa mfano, Diwali ilikuwa tarehe 20 Oktoba na mwaka huo mpya ulianza tarehe 22. Siku hiyo husalimiana Sal Mubarak. Sal ni mwaka, kutoka Kiajemi, na mubarak ni lilelile la Iddi Mubarak, lenye mzizi mmoja na baraka yetu.

Mzee wa stoo aliposikia hivyo aliomba kalamu. Karatasi ya mwisho ilisomeka: "Heri ya Diwali kwa wenzetu wa hesabu na kaunta. Mwaka mpya uwaletee afya, amani na faida, nyinyi na jamaa zenu. Sal Mubarak. Ni sisi wa stoo na mauzo." Mwenye kuleta mema hapa ni mwaka, hivyo hakuna aliyelazimika kumwomba asiyemwamini. Faida imeingia kwa sababu iko kwenye daftari lao, na wapokeaji wametajwa kwa kazi zao badala ya asili zao.

Lakini karatasi hiyo haihamishiki kwenda sikukuu nyingine kwa kubadili jina. Mtu anaweza kuona mwaka mpya wa Kiislamu umefika, akamwandikia Khoja Ithnaasheri, "Heri ya mwaka mpya". Kwa Mashia, mwezi Muharram unafungua siku za maombolezo ya Imamu Hussein, aliyeuawa Karbala mwaka 680, na kilele chake ni tarehe 10, Ashura. Wakati huo utawaona mjini wamevaa nyeusi. Anayeomboleza hapewi heri, anapewa pole. Kabla ya kuchagua neno, muulize mwenyewe swali moja: siku hii kwenu ni ya furaha au ya huzuni? Hakuna anayechukia kuulizwa hivyo.

Dukani, siku ile mama wa kaunta alisoma karatasi mara mbili, kisha akapitisha boksi la mithai hadi stoo. "Sal Mubarak, Mzee," alisema. Mzee akajibu, "Nawe pia, mama." Iddi iliyofuata, mama yule ndiye aliyeanza: "Iddi Mubarak, Mzee."