Unaondoka Jumatano, Unatua Jumanne

Tuseme umepanda ndege ndogo kisiwani Upolu, nchini Samoa, Jumatano saa tatu asubuhi. Baada ya dakika 35 hivi unatua Pago Pago, Samoa ya Marekani. Huko ni saa tatu na dakika 35 asubuhi, ila kalenda inasema Jumanne.

Hujarudi nyuma hata sekunde moja. Ukimpigia ndugu yako Dar es Salaam unapoondoka, kwake ni Jumanne, saa tano usiku. Ukimpigia tena baada ya kutua, ni saa tano na dakika 35, usiku huohuo. Samoa iko mbele ya Dar kwa saa 10, na Samoa ya Marekani iko nyuma kwa saa 14. Jumlisha: 24, siku nzima.

Tofauti hiyo haikwepeki. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo anayekwenda mashariki husogeza saa yake mbele kadiri anavyosafiri. Akiizunguka dunia yote atakuwa ameongeza saa 24, na atafika kwao akiwa na tarehe ya kesho. Lazima basi pawe na mahali pa kuirudisha siku hiyo. Mahali penyewe ni Mstari wa Tarehe, unaopita katikati ya Bahari ya Pasifiki karibu na longitudo ya nyuzi 180. Ukiuvuka kwenda mashariki unapunguza siku. Ukirudi magharibi unaiongeza.

Mstari huo haukunyooka, kwa sababu kila nchi hujichagulia tarehe yake. Samoa yenyewe ilikuwa na tarehe moja na jirani yake hadi mwisho wa mwaka 2011. Biashara yake kubwa ilikuwa na Nyuzilandi na Australia, na Ijumaa ya Samoa ilikuwa Jumamosi huko, ofisi zimefungwa. Serikali ikaamua kuhama: watu walilala Alhamisi, Desemba 29, wakaamka Jumamosi, Desemba 31. Ijumaa ile haikuwapo kabisa.

Si kila ndege inayovuka mstari kuelekea mashariki hutua jana yake. Ndege moja ya Oklandi kwenda Honolulu ilipangwa kuruka dakika tano kabla ya mwaka 2018 kuingia. Ikachelewa dakika kumi, ikaondoka Januari 1, 2018, ikatua Desemba 31, 2017, saa nne na ushee asubuhi. Ingewahi, ingetua tarehe ileile iliyoondokea, na habari yake isingesambaa duniani.

Tiketi huandika saa na tarehe za mahali husika, pa kuondokea na pa kutua. Kabla ya kulipia hoteli, soma tarehe ya kutua, usihesabu kichwani kutoka siku ya kuondoka. Hasa unapotoka Pago Pago kwenda Samoa, maana ukiondoka Jumanne asubuhi, chumba unakihitaji kuanzia Jumatano.