Alikwenda kuprinti kurasa mbili

Shangazi yangu ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama huko Dar es Salaam. Jumapili moja jioni, mmoja wa wanachama alimpigia simu akiwa na mashaka. "Da' mkubwa, nataka kutuma mchango kwenye ile namba mpya uliyonitumia, lakini jina linalokuja ni la mwanamume. Ni la shemeji?"

Shangazi hakuwa ametuma namba mpya kwa mtu yeyote. Alifungua WhatsApp, akaangalia mazungumzo yake na yule mama, asiyaone. Akatafuta jina, akayakuta kwenye kumbukumbu, ile sehemu inayoandikwa Archived, ambako yeye hakuwahi kupeleka kitu maishani mwake. Mle ndani kulikuwa na ujumbe uliotoka kwake mwenyewe: "Habari mpendwa, namba ya kikoba ina tatizo, wiki hii tumeni kwenye hii." Chini yake ikafuata namba. Wanachama wengine wanne walikuwa wamepata ujumbe huohuo, kila mmoja peke yake, na mazungumzo yote manne yalikuwa yamefichwa palepale. Wawili walikuwa wameshatuma hela.

Jambo la kwanza lililosemwa nyumbani ni kwamba laini yake imeibwa. Haikuwa kweli. Laini ilikuwa inapiga na kupokea kama kawaida, na WhatsApp kwenye simu yake ilifanya kazi bila shida yoyote. Mtu akikuibia namba na kuisajili WhatsApp kwenye simu yake, wewe unatolewa, na unajua siku hiyohiyo. Hapa hakutolewa mtu. Aliongezwa.

Nilimwomba anipe simu, nikagusa vile vidoti vitatu juu kulia, nikachagua Linked devices. Zilikuwepo kompyuta mbili. Ya kwanza iliandikwa "Google Chrome (Windows)", na chini yake saa iliyotumika mara ya mwisho: leo, saa kumi na dakika arobaini alasiri. Saa hiyo shangazi alikuwa msibani, simu ikiwa kwenye mkoba.

"Shangazi, umewahi kuskani kitu kwenye kompyuta ya mtu?"

Akafikiri. "Ah, mwanangu, labda kule steshenari."

Siku kumi kabla alikwenda kuprinti barua ya kurasa mbili. Barua ilikuwa WhatsApp, na kijana wa pale akamwambia asihangaike kumtumia, askani tu ule mraba kwenye skrini, yeye ataichukua mwenyewe. Akamshikia simu, akambonyezea, akamwambia, "Mama, weka kidole." Akaweka. Karatasi zikatoka, akalipa, kijana akafunga dirisha mbele ya macho yake. Shangazi akaondoka akijua yameisha.

Kuelewa kwa nini hayakuisha, inabidi kujua ule mraba ni nini. Ukifungua web.whatsapp.com kwenye kivinjari cha kompyuta, unaona msimbo wa QR, vile vijiraba vyeusi na vyeupe. Ndani yake hakuna siri yako wala namba yako. Ni ombi la ile kompyuta, lenye ufunguo wake yenyewe, linalosema: mimi ni kivinjari fulani, nani ananichukua? Simu inayouskani ndiyo inayojibu. Inatia saini kwamba kivinjari hiki ni mali ya mwenye namba hii, na kuanzia hapo kinahesabiwa kuwa ni yeye. Watu wengi hudhani kuskani ni kusoma kitu. Hapa kuskani ni kutia dole gumba kwenye hati usiyoisoma.

Baada ya saini hiyo simu inakipa kivinjari nakala ya mazungumzo yako ya karibuni, na kila ujumbe mpya unafika pande zote mbili. Ule usimbaji unaosifiwa, kwamba hata WhatsApp wenyewe hawawezi kusoma, haukukusaidii hapa. Unawazuia walio njiani kati ya mtumaji na mpokeaji, na huyu hayupo njiani. Amekaa upande wa mpokeaji, kwa ruhusa yako. Anasoma, anaandika kwa jina lako, anapeleka mazungumzo kwenye kumbukumbu, na yakifichwa kwake yanafichwa na kwako. Kwa kawaida mazungumzo yaliyofichwa hubaki humo hata majibu yakiingia, ndiyo maana shangazi hakuona "Sawa dada, nimetuma" iliyokuwa imelala huko tangu asubuhi.

Kufunga dirisha hakuondoi chochote. Kuzima kompyuta pia. Kesho yake ukifungua ukurasa uleule kwenye kivinjari kilekile, mazungumzo yanajifungua yenyewe. Wengi wetu bado tuna imani ya zamani, na haikuwa imani ya kijinga: WhatsApp ya kompyuta ilipoanza mwaka 2015, ilitegemea simu iwe hewani muda wote. Ukizima data, kompyuta inakatika. Mambo yalibadilika mwaka 2021. Sasa kila kifaa kinazungumza na mitambo ya WhatsApp chenyewe, na simu yako inaweza kuzimwa kabisa huku kivinjari cha mgeni kikiendelea. Vinaruhusiwa vifaa vinne pamoja na simu. Kifaa hutolewa chenyewe kisipotumika kwa siku 30, au simu yako ikikaa zaidi ya siku 14 bila kutumika. Kwa mtu anayeshika simu kila saa, huo si ulinzi.

Hadaa hii haihitaji steshenari. Mwezi Januari 2025 kampuni ya Microsoft ilieleza jinsi kundi la wadukuzi wa Kirusi, ambalo wao huliita Star Blizzard, lilivyowaendea watu kwa barua pepe mnamo Novemba 2024. Barua ilijifanya imetoka kwa ofisa wa serikali ya Marekani, ikimkaribisha msomaji kwenye kundi la WhatsApp la kusaidia mashirika ya Ukraine. Ndani yake palikuwa na msimbo wa QR ulioharibiwa makusudi. Mtu akijibu kwamba haufanyi kazi, anatumiwa kiungo cha ukurasa wenye msimbo mwingine, na huo ulikuwa mzima. Haukuwa wa kujiunga na kundi lolote. Ulikuwa wa kuunganisha akaunti yake na kompyuta yao. Ule msimbo mbovu ndio ninaoustaajabia zaidi: mtu aliyelalamika na kuhudumiwa hashuku tena.

Hapa pana kitu cha kukusaidia kutambua. Msimbo wa WhatsApp Web hubadilika kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo ule uliochapwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, kama wa kulipia dukani, hauwezi kuunganisha akaunti yako. Unaweza kukupeleka kwenye tovuti ya kitapeli, ila huo ni wizi wa aina nyingine. Wa kuogopa ni ule ulio kwenye skrini ya mtu. Na popote utakapoanzia, kabla ya kuunganishwa utajikuta kwenye ukurasa wa Linked devices, na simu yenye kifungo itakuomba kidole, uso au namba ya siri. Kujiunga na kundi, kupiga kura au kupokea zawadi havipiti ukurasa huo. Ukiuona, rudi nyuma.

Anayekutega kwa simu peke yake, bila kompyuta, hawezi kukuomba uskani, kwa sababu simu haiwezi kujiskani yenyewe. Yeye atakupa herufi na tarakimu nane uziandike kwenye WhatsApp yako. Ni mlango uleule, umepakwa rangi nyingine.

Nitaje na ulinzi ambao hausaidii, maana shangazi alikuwa nao. Ile PIN ya tarakimu sita inayoitwa Two-step verification inamzuia mtu kuisajili namba yako kwenye simu nyingine. Haiulizwi wakati wa kuunganisha kivinjari. Kubadilisha laini au kuweka namba mpya ya siri ya simu nako hakumtoi aliyekwisha kuingia.

Kumtoa ni kazi ya nusu dakika. Kwenye Android ni vile vidoti vitatu, halafu Linked devices. Kwenye iPhone unaingia Settings, halafu Linked devices. Kama WhatsApp yako ni ya Kiswahili, tafuta vifaa vilivyounganishwa. Orodha ikifunguka, usikimbilie kufuta. Kwanza piga picha ya skrini, kwa sababu jina la kivinjari na saa ya mwisho vitapotea ukishakiondoa, na huo ndio ushahidi wako. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila haki ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, na polisi watakuuliza umejuaje. Kisha gusa kifaa, gusa Log out, uthibitishe. Kivinjari kinakatika.

Alichokwisha kukisoma, amekisoma. Picha ya kitambulisho aliyoipakua na skrini alizozipiga picha anabaki nazo, na hakuna kitufe cha kuzirudisha. Kwa hiyo tulikaa na shangazi tukapitia mazungumzo yake ya karibuni tukitafuta vitu viwili tu: namba za siri na picha za vitambulisho. Tulikuta namba ya siri ya kadi ya benki aliyomtumia mwanawe mwezi uliopita. Kesho yake asubuhi ikabadilishwa. Wanachama wote walipigiwa simu kwa sauti, maana ujumbe mwingine kutoka kwenye akaunti ileile nani angeuamini? Wale wawili walikwenda kituoni wakiwa na meseji zao za muamala na ile picha ya skrini.

Kama una shaka lakini orodha hujaitazama, dalili iliyo wazi zaidi ni ujumbe unaoonekana umeshasomwa kabla hujaugusa. Shangazi alikiri aliiona wiki nzima. Alidhani ni macho.

Siku hizi akienda kuprinti anatuma faili lile moja kwa barua pepe ya duka. Wanapata kurasa mbili, hawapati kikoba kizima.

Ile kompyuta ya pili kwenye orodha, kwa taarifa, tuliitambua baadaye. Ilikuwa laptopu ya mwanawe, aliyesema aliiunganisha mwaka jana ili kupakua picha za harusi. Shangazi alimtazama kidogo, akachukua simu, naye akamtoa.