Batsinda: Maswali mapya juu ya kifungu cha zamani

Mama anayenikaribisha hapa Batsinda huamka saa tisa usiku, siku tatu kwa wiki, kuwahi basi la Nyabugogo kwenda Rubavu. Huvusha mboga hadi Goma na kurudi jioni. Kiswahili alijifunza sokoni, si darasani. Binti yake yuko mwaka wa mwisho wa sekondari katika mchepuo wa lugha, na Kiswahili ni mojawapo ya karatasi atakazofanya. Karatasi hiyo huanza na ufahamu, na hapo ndipo binti hupoteza alama.

Jambo hilo lilimshangaza mama. "Mtoto amekua akisikia Kiswahili kwangu kila siku. Anashindwaje kuelewa hadithi?"

Mwalimu anayemsaidia binti na wenzake wanne, jioni kwenye ukumbi wa nyumba hiyo, anasema hadithi wanaielewa. Wanachoshindwa ni maswali ambayo jibu lake halikuandikwa. Mwanafunzi akiulizwa "Mama alibeba nini?" hutafuta neno, akalinakili, akapata alama. Akiulizwa "Je, ilikuwa mara yake ya kwanza kuchelewa?" hutafuta neno lile lile, halipo, basi hubuni. Wenzetu wa Kenya wanaofanya mtihani wa kidato cha nne wana alama 15 za ufahamu katika karatasi ya lugha, na maswali ya aina hiyo hayakosekani humo.

Dawa ya mwalimu huyu ni kurudi nyuma. Hachukui kifungu kigeni. Anachukua kile walichosoma darasani wiki tatu zilizopita, ambacho msamiati wake umekwisha kuelezwa, na kukitungia maswali mapya ambayo yote yanadai kung'amua. Sababu yake ni rahisi kuielewa hata kwa asiye mwalimu. Kwenye kifungu kigeni mwanafunzi hubeba mizigo miwili, maneno asiyoyajua na maana iliyofichwa. Akikosa, huwezi kujua ni mzigo upi uliomwangusha. Kwenye kifungu cha zamani mzigo wa kwanza umeshatuliwa, na kosa linaloonekana ni la kung'amua peke yake.

Wazo hili lina umri. Mwaka 1981 mtafiti wa Marekani, Jane Hansen, alichapisha jaribio alilofanya na watoto wa darasa la pili. Kundi mojawapo lilipewa maswali ya kung'amua tu juu ya hadithi za kitabu chao cha kawaida, na zoezi hilo peke yake likawasaidia.

Kifungu kilichokuwa mezani jioni ile ni kifupi, mwalimu alikitunga mwenyewe. Nakiweka chote hapa, kwa sababu bila kukisoma mengine hayataeleweka.

"Mama alifika mpakani jua likiwa limeinama. Alitua beseni lake la nyanya, akapanga foleni. Afisa alimtazama, akatikisa kichwa, akamwonyesha saa ukutani. 'Leo tena, mama?' Mama hakujibu. Alifungua fundo la kanga, akahesabu noti zake, akazirudisha. Mwenzake aliyekuwa akirejea kutoka upande wa pili alimnong'oneza kwamba eti bei ya nyanya imepanda maradufu. Mama akacheka. 'Hata jana uliniambia hivyo hivyo,' alisema. Giza lilipoingia alikuwa akishuka kilima, beseni likiwa bado zito kichwani. Angalifika nusu saa mapema, nyanya zile zingalikuwa zimelala kwenye meza za upande wa pili."

Swali la kwanza: je, hii ilikuwa mara ya kwanza mama kuchelewa? Wote watano walisema hapana. Mwalimu hakuridhika. "Maneno gani yamewaambia?" Wawili walinyamaza. Mmoja alisema mwalimu wa darasani aliwahi kueleza kwamba kifungu kinafundisha ubaya wa kuchelewa. Jibu lilikuwa sahihi, lakini halikutoka kwenye kifungu. Lilitoka kwenye daftari. Hii ndiyo hatari kubwa ya kutumia kifungu cha zamani, na dalili yake huonekana kwa macho: mwanafunzi anajibu upesi, hajateremsha macho kwenye karatasi. Kwa hiyo mwalimu ameweka sharti. Kila jibu huja na kidole kikigusa maneno. Swali lina alama mbili, moja ya hitimisho, moja ya ushahidi, na asiyegusa maneno hapati ya pili. Hapa kidole kilitakiwa kutua kwenye "tena". Afisa hawezi kusema "leo tena" kwa mtu aliyechelewa leo tu.

Nilipenda jinsi alivyokaa juu ya hilo neno dogo. Kwa Kiswahili, alisema, mengi yasiyosemwa hubebwa na vineno ambavyo mwanafunzi huvipita kama mawe ya barabarani. "Tena" husema kuna jambo lililotangulia. "Bado" husema hali iliyotarajiwa kubadilika haijabadilika. "Kumbe" husema mtu alikuwa akifikiri vingine. "Eti" husema msimulizi habebi dhamana ya habari anayoileta. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kinyarwanda huvitafsiri haraka au huviruka, kwa kuwa sentensi inasimama hata bila hivyo.

Swali la pili: je, mama alivuka mpaka siku hiyo? Binti wa nyumba aliandika, "Ndiyo, alivuka akauza nyanya kwenye meza za upande wa pili." Angeliulizwa aelekeze kidole, angekiweka kwenye sentensi ya mwisho, na kweli meza zimo. Lakini kitenzi ni "angalifika", si "alifika". Kiambishi -ngali- kinasema jambo halikutokea: hakufika mapema, kwa hiyo nyanya hazikulala kule. Mwalimu akamrudisha kwenye sentensi iliyotangulia. Beseni lilikuwaje? Zito. Bado. Sehemu mbili za kifungu zinasema jambo moja. Hiyo ndiyo kanuni anayoitumia kutunga maswali yake: kabla ya kuliandika swali, hutafuta walau sehemu mbili zinazolishuhudia jibu. Akipata moja tu, huona wasiwasi. Asipopata, hulitupa.

Kanuni hiyo hata yeye ilimponyoka. Swali la tatu lilikuwa, "Kwa nini mama alihesabu noti zake?" Mmoja alisema alitaka kumhonga afisa. Mwingine alisema alikuwa akipima kama zinamtosha nauli ya kurudi. Binti wa nyumba alisema alitaka kuona kama anaweza kulala gesti kungoja asubuhi. Mwalimu alisoma kifungu upya, kimya, kisha akakiri kwamba kifungu hakisemi. Kinasema alizihesabu, akazirudisha, basi. Wanafunzi wazuri watatu wakitoa majibu matatu tofauti na hakuna anayeweza kumpinga mwenzake kwa maneno ya kifungu, kosa ni la mtunzi. Alilifuta swali kwa kalamu nyekundu mbele yao.

Mama alikuwa jikoni wakati wote, mlango wazi. Hakuwa ameona karatasi. Swali la nne liliposomwa, "Nyanya zisipouzwa siku hiyo mama atapata hasara gani?", alijibu yeye kabla ya wanafunzi: "Zitaoza, njo hivyo tu!" Watu wakacheka, lakini mwalimu aliandika jambo. Baadaye alinieleza. Swali ambalo mtu asiyesoma kifungu anaweza kulijibu halipimi kusoma. Linapima kama umewahi kuuza nyanya. Tangu jioni ile amemwomba mama awe mzani wake: kabla ya somo humsomea maswali bila kifungu, na yale anayoyapata sawasawa huondolewa au hutungwa upya.

Sasa fikiria mtoto wa mfanyabiashara wa mpakani, kama walivyo wengi wa watoto wa wasomaji wa ukurasa huu. Kifungu kinachohusu mpaka kwake ni kizuri na ni mtego. Swali la tano liliuliza kama mama aliiamini habari ya bei. Binti alijibu kwa kujiamini: aliiamini, ndiyo maana akacheka kwa furaha, kwa sababu jioni bei hupanda mzigo unapokuwa mchache sokoni. Kuhusu soko huenda yuko sahihi kuliko mwalimu. Kuhusu kifungu amekosea. Msimulizi ameweka "eti", na mama mwenyewe anamkumbusha mwenzake kwamba "hata jana" alimwambia hivyo hivyo. Kicheko peke yake kingeweza kuwa cha furaha. Kikifuatwa na maneno hayo, ni cha mtu asiyedanganyika. Mtahini hana njia ya kutoa alama kwa ujuzi wa Goma.

Nilimuuliza binti kama hilo lilimkera. "Linakera," alisema. "Ninachokijua ndicho kinachonikosesha." Mwalimu hamwambii aache anachokijua. Anamwambia akitumie mwisho, baada ya kidole kutua, na kama maneno ya kifungu yanapingana na soko, soko linyamaze.

Mzazi asiyesoma vizuri Kiswahili anaweza kufanya sehemu ya kazi hii nyumbani, na mama wa Batsinda anaifanya usiku akiwa anapanga mzigo. Mtoto anasoma swali na jibu lake kwa sauti. Mama anauliza jambo moja tu: maneno gani yamekuambia? Mtoto akikwama, hajui jibu, hata kama ameliandika.

Njia hii ina mwisho wake. Maswali mapya juu ya kifungu kimoja huisha. Baada ya matano au sita mwanafunzi amekariri kila kona na hapati zoezi tena. Na mtihani hautaleta kifungu alichokisoma. Kwa hiyo baada ya vifungu vitatu vya zamani, mwalimu huleta kimoja kigeni, cha urefu ule ule, na kukipimia muda wa dakika ishirini. Hicho ndicho kinachoonyesha kama mazoea ya kidole yamehama kutoka karatasi moja hadi nyingine.

Kigeni cha kwanza kilikuja Jumamosi iliyofuata. Kilihusu mvuvi na mtumbwi wake, mbali na mambo ya mpakani. Maswali ya kung'amua yalikuwa manne. Binti alipata matatu, kila moja na maneno yake. La nne alilikosa: aliandika kwamba mvuvi alirudi nyumbani na samaki, kwa kuwa kifungu kiliishia kwa mvuvi "akitabasamu kumbe ndoo ilikuwa tupu". Alikuwa ameliruka neno "kumbe". Mama, aliposomewa sentensi hiyo, aliuliza: "Sasa nani alimwibia?"

Mwalimu alisema hilo nalo kifungu hakikusema.