Barua ya kuomba saa za ziada katika maabara ya CAD

Msimu wa projekti ukifika, maabara ya CAD, yaani chumba cha kompyuta za kuchorea na kusanifu mitambo, huwa ndicho chumba kinachogombewa kuliko vyote katika idara ya uhandisi. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anatakiwa akabidhi michoro na mahesabu yake, lakini asubuhi hukuta darasa la mwaka wa kwanza limeshaketi, na jioni fundi sanifu anafunga mlango. Hapo ndipo barua inapoandikwa kwa mhadhiri anayesimamia maabara.

Nyingi za barua hizo husema mambo mawili tu: muda hautoshi, tunaomba tuongezewe. Mhadhiri anaweza kuwahurumia wanafunzi wake na bado akashindwa kuwasaidia, kwa sababu si yeye mwenye kauli ya mwisho. Kufungua chumba usiku kunamhusu mkuu wa idara, fundi sanifu atakayebaki kazini, na mlinzi wa jengo. Wote hao watamuuliza maswali, kwa hiyo barua nzuri ni ile inayompa majibu mkononi.

Swali la kwanza ni hili: kwa nini wasifanyie kazi hosteli? Ni swali la haki. Kampuni ya Autodesk huwapa wanafunzi AutoCAD na Inventor bila malipo kwa leseni ya mwaka mmoja inayohuishwa, na kuchora kipande kimoja kimoja kunawezekana kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Mwombaji mkweli akubali hivyo, kisha aeleze ni kazi gani isiyowezekana huko.

Tumchukue mwanafunzi anayesanifu mashine ya kupukuchua mahindi. Ameshachora ngoma, fremu na shafti. Sasa anataka kujua kama shafti itastahimili mzigo pale ilipokatwa mfereji wa kabari inayoshika puli. Programu huigawa shafti katika vipande vidogo vidogo vinavyounda wavu, kisha hukokotoa mkazo katika kila kipande. Jibu la kwanza haliaminiki hadi wavu uwe mdogo zaidi na hesabu irudiwe. Ukipunguza ukubwa wa vipande kwa nusu pande zote tatu, idadi yao huongezeka mara nane, na muda na kumbukumbu ya kompyuta navyo huongezeka sana. Matokeo mawili yakikaribiana, hesabu imetulia. Mkazo ukizidi kupanda kila wavu unapopunguzwa, mara nyingi tatizo ni kona kali ndani ya mfereji, ambayo inabidi ipewe mviringo kama itakavyokuwa karakana, kisha kazi ianze upya.

Kazi hiyo hailingani na kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 4. Kwa SolidWorks, watengenezaji wenyewe hupendekeza GB 16 au zaidi. Kuna na kikwazo cha matoleo: faili lililohifadhiwa kwenye toleo jipya hosteli kwa kawaida halifunguki kwenye toleo la zamani maabara. Ukilihamisha kwa muundo wa STEP, umbo litafika salama, ila hatua zilizolijenga hupotea, na kubadilisha kipenyo cha shafti kunakuwa kazi ya kuchora tena.

Swali la pili ni kiasi. Hapa wengi huhesabu kompyuta, kumbe kinachobana ni leseni. Vyuo vingi hununua leseni za pamoja zinazotolewa na seva: kila anayefungua programu huchukua moja, na akiifunga inarudi. Anayekwenda kula huku programu ikiwa wazi ameikalia leseni, na mwenzake aliye kwenye kompyuta nyingine ataambiwa hakuna iliyobaki.

Tuseme maabara ina kompyuta 20 na leseni 15, wanafunzi wa projekti ni 50, na vipindi vya madarasa mengine humalizika saa 8 mchana ilhali chumba hufungwa saa 10 jioni. Saa mbili kwa leseni 15 kwa siku tano ni saa 150 kwa wiki, sawa na saa 3 kwa kila mwanafunzi. Chumba kikifungwa saa 4 usiku, saa huru zinakuwa nane kwa siku, jumla yake ni 600 kwa wiki, na kila mmoja anapata saa 12. Hesabu hiyo fupi humsaidia mkuu wa idara kuliko aya tatu za kulalamika.

Swali la tatu ni dhamana: nani atawajibika? Barua ya mwakilishi wa darasa inayojibu yote matatu inaweza kusomeka hivi:

*Kwa: Msimamizi wa Maabara ya CAD, Idara ya Uhandisi Mitambo.*

*Ndugu Mwalimu,*

*YAH: OMBI LA KUONGEZEWA MUDA WA KUTUMIA MAABARA YA CAD*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wanafunzi 50 wa mwaka wa nne tunaomba maabara iwe wazi hadi saa 4 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki nne za mwisho kabla ya kukabidhi projekti.*

*Michoro ya kawaida tutaendelea kuifanya kwenye kompyuta zetu. Maabara tunaihitaji kwa uchambuzi wa mkazo na kwa kuunganisha mashine nzima, kazi ambazo kompyuta zetu haziwezi. Kwa sasa leseni 15 zinampatia kila mmoja wetu wastani wa saa 3 kwa wiki. Muda tunaoomba utafikisha saa 12.*

*Tumepanga zamu mbili, saa 10 hadi saa 1 na saa 1 hadi saa 4 usiku, watu 15 kila zamu. Kila zamu ina kiongozi atakayesaini daftari, kuhakikisha programu zimefungwa na kumkabidhi fundi sanifu chumba. Orodha ya majina imeambatanishwa. Iwapo jioni zote hazitawezekana, tunaomba angalau jioni tatu kwa wiki.*

*Natanguliza shukrani.*

*Wako mtiifu,*
*Mwakilishi wa darasa.*

Tazama sentensi ya jioni tatu. Idara ikikosa fedha za kumlipa fundi sanifu saa za ziada kwa wiki nzima, mhadhiri bado ana kitu cha kukubali bila kuanza mazungumzo upya. Tazama pia kwamba barua haidai funguo. Chumba kinabaki mikononi mwa mtumishi wa chuo, na wanafunzi wanabeba sehemu yao ya wajibu kwa majina.

Muda wa kuipeleka nao una uzito. Barua inayofika siku tatu kabla ya kukabidhi kazi haimwachii mhadhiri nafasi ya kupata saini wala kupanga zamu za watumishi. Ifike wiki tatu kabla ya jioni ya kwanza inayoombwa, na nakala ibaki kwa mwakilishi.

Wahadhiri nao wajibu kwa maandishi, wataje siku, saa na jina la mtumishi atakayekuwepo. Ruhusa ya mdomo haimfungulii mwanafunzi mlango mlinzi wa zamu ya usiku anapouliza karatasi.

Mwanafunzi mwenzangu wa uhandisi, kabla hujaandika barua yako nenda kwa fundi sanifu umuulize leseni ni ngapi na chumba kiko huru saa ngapi. Majibu yake ndiyo yatakayoibeba barua hadi isainiwe.