Mita ya maji inayolala kwa ruhusa

Simu iliyotulia mezani haisikilizi mnara muda wote. Kwenye mitandao mingi redio yake huamka kila baada ya sekunde 1.28, ikaangalia kwa milisekunde chache kama kuna anayeitafuta, kisha ikalala tena. Mnara nao hauiti ovyo. Simu na mtandao hukokotoa zamu hiyo kwa kanuni moja, kutokana na namba ya utambulisho iliyo kwenye laini, hivyo kila upande unajua saa ya mwenzake bila kuulizana.

Kwa simu inayochajiwa kila siku, hilo linatosha. Kwa mita ya maji iliyofunikwa na zege halitoshi. Tuseme betri yake ni ya ampea-saa 19, na kusikiliza kwa zamu kunakula wastani wa miliampea 1. Itakwisha baada ya miaka miwili na ushee. Mita hiyohiyo ikilala kwa mikroampea 4, usingizi wa miaka 10 mizima hauli hata nusu ya ampea-saa.

Usingizi huo mzito uliingizwa kwenye viwango vya 3GPP katika toleo la 12. Mita huuomba mtandao vipindi viwili: ibaki macho kwa muda gani baada ya mazungumzo, na ijitokeze tena baada ya muda gani. Katikati hapo haipatikani kabisa, ingawa mtandao bado unaihesabu kuwa imesajiliwa. Amri ya kufunga valvu ikitumwa asubuhi, itasubiri mita iamke yenyewe. Anayehitaji jibu la haraka asiuchague usingizi huu.

Ombi la kubaki macho sekunde 10 na kujitokeza kila saa 24 huandikwa hivi:

```
AT+CPSMS=1,,,"00111000","00000101"
```

Moduli itajibu `OK`, na hapo mafundi wengi hufunga kifuniko na kuondoka. Lakini `OK` hiyo ni ya moduli tu. Mwenye uamuzi ni mtandao, nao unaweza kupunguza muda, kuuongeza au kukataa kimya kimya. Kilichokubaliwa husomwa hivi:

```
AT+CEREG=4
AT+CEREG?
```

Vipindi viwili visipoonekana mwishoni mwa jibu, mita haitalala, na betri itakwisha bila dalili yoyote ya nje.

Hata ruhusa ikitolewa, ipime mita kwa kipima mkondo. Baada ya ujumbe kuondoka, mtandao huweza kushikilia muunganisho kwa sekunde 10 au 20 ukingoja neno la ziada, na mkondo hubaki juu wakati wote huo. Mkia huo ndio mara nyingi unaokula zaidi ya ujumbe wenyewe. Baadhi ya moduli huweza kuutangazia mtandao kwamba ujumbe huu ni wa mwisho, ili uachie mara moja. Mnara ukiwa mbali, ujumbe hurudiwarudiwa mpaka usikike, na hapo hesabu yote ya betri inabidi ifanywe upya.